Siku yangu na majina ya fomu ambayo mauzo wanasema hayafai

Nikisema kazi yangu ni matangazo ya mtandaoni, watu huniuliza kama naweza kuwaongezea wafuasi. Ndugu zangu wanadhani nashinda napiga picha na kuweka maneno. Kumbe nusu ya kazi ni kuhangaika na jedwali moja la Google Sheets, kwa sababu kampuni tunauza viwanja vilivyopimwa Kigamboni na Kibaha, na kiwanja hakinunuliwi kwa kubofya. Mtu anajaza fomu, anapigiwa simu, anakuja kuona eneo, anakwenda kujadiliana na mkewe, ndipo alipe. Yote hayo yanatokea nje ya macho ya Google na Facebook. Mimi ndiye ninayewarudishia habari.

Saa 1:40 asubuhi. Nimefika ofisini. Kimara hadi Sinza si mbali, ila foleni ndiyo foleni. Chai, chapati, kompyuta.

Saa 2:15. Naangalia lidi za usiku, yaani majina na namba za waliojaza fomu. Za Facebook ni nyingi kuliko zote na ndizo mbovu kuliko zote. Fomu ya Facebook ikifunguka, jina na namba vinakuwa vimeshajazwa kutoka kwenye akaunti ya mtu. Anagusa mara mbili, kamaliza, na dakika moja baadaye hakumbuki. Wengine namba iliyoko kwenye akaunti ni ya laini waliyoipoteza zamani. Nilishaibadilisha fomu kutoka `More volume` kwenda `Higher intent`, inayomlazimisha mtu kuhakiki majibu yake kabla ya kutuma. Majina yalipungua, bosi akanuna.

Saa 3 kamili. Kikao cha mauzo. Meneja wa mauzo, ambaye ofisi nzima tunamwita Mama, anasoma ripoti ya wiki. Jina baada ya jina, safu ya matokeo imeandikwa neno moja: "Hafai". Kisha ananigeukia. "Mwanangu, hizi lidi zako ni takataka."

Naomba nieleze kwa nini neno hilo linaniumiza kichwa kuliko linavyoniumiza moyo. Kampeni yetu ya Google imeambiwa kwamba ushindi ni fomu kujazwa. Kwa hiyo inatafuta wajaza fomu, na inawapata kwa bei nafuu kweli. Dawa ni kuiambia ushindi mwingine, wa mbele zaidi. Mauzo yenyewe ni machache mno, tukipata manne kwa mwezi tumeshukuru, na mtambo wa Google haujifunzi kitu kwa mifano minne. Isitoshe, mteja anayejikusanya miezi minne ndipo alipe anakuwa ameshapitwa, maana Google haipokei matokeo ya mbofyo uliozidi siku 90. Ndiyo maana nilichagua hatua ya katikati, tukaiita "Mteja wa kweli": amepokea simu, anajua ni kiwanja cha kununua, anaijua bei, na amekubali siku ya kwenda kuona eneo. Hao wanapatikana wa kutosha.

Sasa, Google haina kisanduku cha "Hafai". Asiyeletwa kwenye faili ndiye asiyefaa, basi. Kwa hiyo kijana wa mauzo akichelewa kupiga simu, halafu akaandika "Hafai", mimi nakuwa nimeufundisha mtambo ukwepe watu wa aina ile. Uzembe wa simu unageuka kuwa sifa ya mteja.

Nikamuomba Mama ruhusa nipige simu tatu mwenyewe, pale pale kikaoni, kwa spika. Wa kwanza hapatikani. Wa pili alidhani ni fomu ya nafasi za kazi, akaniuliza usaili ni lini. Huyo kweli hafai. Wa tatu alijaza Ijumaa jioni, na sisi tulimpigia Jumanne. Akasema, "Dada, mlinipigia mara moja niko kwenye pikipiki, sikupokea. Nimeshalipia kiwanja Chanika." Milioni sita, mita za mraba 400 kwa 15,000, bei ile ile tunayouza sisi. Chumba kikawa kimya. Mama akakunja ripoti, akasema tuendelee na ajenda nyingine.

Saa 5 hivi. Kupakia faili. Hili ndilo lililonilia siku.

Kwa wateja waliotoka Google njia ni hii. Mtu akibofya tangazo, anwani ya ukurasa inakuja na msimbo mrefu unaoanzia `gclid=`. Fomu yetu ina sehemu iliyofichwa inayoudaka msimbo huo na kuuandika kwenye mstari wa mteja. Mauzo wakishaweka alama, nachukua misimbo ya wateja wa kweli natengeneza faili kama hili:

```
Parameters:TimeZone=Africa/Dar_es_Salaam
Google Click ID,Conversion Name,Conversion Time
```

Chini yake kila mteja ana mstari wake. Jina la tukio, yaani ule ushindi tunaoripoti, lazima lifanane na lililoko kwenye akaunti herufi kwa herufi, kubwa na ndogo. Hapo sina wasiwasi, nakili-bandika tu.

Nimepakia mistari 41. Tisa imekataliwa, na maelezo ni kwamba tukio limetokea kabla ya mbofyo. Yaani mteja alithibitika kabla hajaliona tangazo! Nikadhani tatizo ni ukanda wa saa, maana huo ndio ugonjwa wa kawaida. Hapana, umeandikwa sawa. Nikadhani misimbo imechanganyika mistari. Hapana. Nikaitoa ile tisa, nikaiweka peke yake kwenye ukurasa mpya, nikaikodolea macho. Yote tisa ilikuwa ya kijana mmoja, mwenye bidii kuliko wenzake, anayepiga simu lidi ikiwa bado ya moto.

Mstari wa kwanza: mbofyo saa 09:52 kwa saa ya kompyuta. Muda wa simu, kama alivyouandika yeye: 4:30.

Saa nne na nusu asubuhi, jamani. Alipiga simu dakika thelathini na nane baada ya mbofyo, akaandika saa kama Mswahili yeyote anavyoitaja, na jedwali likaisoma alfajiri ya 04:30, mteja wetu akiwa bado amelala.

Nikarudi kwenye mistari 32 iliyopita. Nayo mingi ina ugonjwa ule ule, ila haikukataliwa kwa sababu simu zake zilipigwa siku ya pili au ya tatu, na ukikosea saa sita katikati ya siku mbili hakuna anayeshtuka. Kwa hiyo aliyepiga simu mapema ndiye aliyefutiwa kazi yake, na waliochelewa wakapita bila kuulizwa. Nikajiuliza ni wiki ngapi yule kijana amekuwa akionekana kwenye ripoti kama anayepata wateja wachache.

Bosi akapita, akaniambia si nijumlishe saa sita tu kwa wote. Ingekuwa hivyo ningefurahi. Ila 4:30 yaweza kuwa ya usiku, maana kuna wanaopiga simu baada ya chakula. Na wapo wawili waliosoma uhasibu wanaoandika saa ya kompyuta. Kwa hiyo 10:30 kwa mmoja ni asubuhi, kwa mwingine ni jioni saa kumi na nusu. Jedwali haliwezi kujua. Anayejua ni simu yenyewe.

Basi nikaketi na yule kijana, simu yake mkononi, tukapitia orodha ya simu zilizopigwa, moja moja. Katikati anapigiwa na wateja, anainuka, anarudi. "Samahani dada, tulikuwa wapi?" Mteja wa tano alipigiwa kwa laini ya ofisi, hiyo simu iko kwa mlinzi, mlinzi kaenda kula. Njaa ikaniuma na mimi. Nilikula wali maharage pale pale juu ya meza, saa siiangalii tena.

Mistari saba tuliipata. Miwili hatukuipata, nikaiacha. Kubuni muda ili faili lipite ni kujidanganya. Nikapakia ile saba tu, ikakubaliwa. Ile 32 sikuirudisha: ningeipakia ikiwa na muda uliorekebishwa, Google ingeona matukio mapya na kuyahesabu mara ya pili, isipokuwa pale tukio lilipowekewa hesabu ya `One`, yaani mara moja tu kwa kila mbofyo. La kwetu liliwekwa `Every` na mtu aliyenitangulia. Nimelibadilisha.

Halafu nikawaondolea mauzo kazi ya kuandika saa kabisa. Safu ya F sasa ni kisanduku cha kutia tiki, na muda unajiandika wenyewe safu ya G:

```
function onEdit(e) {
  const r = e.range;
  if (r.getSheet().getName() === 'Lidi' && r.getColumn() === 6
      && r.offset(0, 1).isBlank()) {
    r.offset(0, 1).setValue(new Date());
  }
}
```

Hilo sharti la `isBlank` linazuia muda usibadilike mtu akitoa tiki na kuirudisha. Wakitia tiki jioni kwa simu ya asubuhi, muda utachelewa kidogo, lakini hautatangulia mbofyo kamwe, na hicho ndicho ninachokitaka.

Safu ya matokeo nayo nimeifuta neno "Hafai". Sasa wanachagua: namba mbovu, alidhani ni kitu kingine, hana uwezo kwa sasa, hakupokea, hajapigiwa. Mbili za mwisho si kosa la tangazo, na Mama akichuja jedwali ataziona.

Jioni imeingia, za Facebook bado. Hizo zinatambulika kwa namba ya lidi, ndefu, mara nyingi tarakimu kumi na sita, na faili la Facebook linaitanguliza kwa `l:`. Kuna mtu, simtaji, aliifuta hiyo `l:` akiwa kwenye Excel ili jedwali lipendeze. Excel ikaichukua kama namba ya hesabu, na kwa kuwa haitunzi zaidi ya tarakimu 15, ya mwisho ikawa sifuri kwa wote. Namba zote zinaishia na sifuri, hiyo ndiyo dalili. Nikapakua faili upya, nikafungua Google Sheets safu ikiwa maandishi tupu, nikafanya kimyakimya. Sikuwa na nguvu ya kugomba.

Bosi anataka kesho asubuhi kampeni ya Google ihamie kwa "Mteja wa kweli". Nimemwambia bado, tupate kwanza wiki tatu au nne za tiki safi, la sivyo tutakuwa tunaufundisha mtambo ratiba za uvivu wetu. Kanuna tena, ila kakubali.

Kabla sijatoka nilimtumia Mama orodha ya "hajapigiwa", kuanzia Ijumaa. Yote amempa yule kijana wa saa nne na nusu. Kwenye kundi la WhatsApp la ofisi wenzake wanalalamika kwamba kapendelewa, na kamisheni je? Nimelinyamazisha hadi kesho.