Siku niliyodhani kipimajoto kimeharibika

Puto la hali ya hewa likiwa bado chini halina sura ya kitu cha kwenda mbali. Ni mpira mweupe wa gramu 1,200, mwembamba, unaolala mezani kama utandu wa maziwa yaliyochemka na kupoa. Ukiushika kwa mkono wenye pete umeuharibu. Mzee alinivua pete siku yangu ya kwanza kazini, na asubuhi ninayoisimulia hapa, mwezi wa pili tangu niajiriwe kituoni Nairobi, alinivua na sweta.

"Hiyo ni nailoni, mwanangu. Gesi hii haitaki utani."

Gesi yenyewe ilikuwa haidrojeni, na nailoni ikisuguana na mwili hutoa cheche. Nikabaki na blauzi ya pamba, natetemeka kwa baridi huku puto likijaa polepole mpaka likawa na upana wa mita 2 hivi. Chini yake tukafunga parashuti ndogo, kisha uzi wa mita 30, na mwisho wa uzi kisanduku chepesi cha povu jeupe. Uzi huachwa mrefu makusudi. Puto likipigwa na jua hupata joto, na kipimajoto kikiwa karibu kitapima joto la puto badala ya joto la hewa.

Ndani ya kisanduku mlikuwa na vyombo viwili. Kimoja hurushwa karibu kila siku: hupima joto, unyevu na mgandamizo wa hewa, na kutuma namba zake chini kwa redio. Cha pili kilikuwa cha ozoni, ambacho ni ghali na kazi yake ni nyingi, kwa hiyo tulikirusha mara moja kwa wiki. Ndiyo maana siku hiyo nilikuwa na woga. Nikiharibu, tunangoja wiki nzima.

Saa 5 kamili asubuhi Mzee alinipa ishara, nikaachia. Kisanduku kilinichomoka mkononi kwa nguvu ambayo sikuitegemea, kikapita juu ya mti wa jakaranda, na baada ya dakika chache puto likawa tone jeupe. Mzee akaniambia niingie ndani nikae na kompyuta, yeye ana simu ya kupiga.

Puto lililojazwa vizuri hupanda mita 5 kwa sekunde, yaani mita 300 kila dakika. Kituo chetu kiko mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo nilianza kuhesabu kutoka hapo. Chini ilikuwa nyuzi 22. Dakika ya 10 tu, mstari wa joto kwenye skrini ulivuka sifuri. Hilo lilinishangaza kuliko nilivyotarajia, ingawa nilishalisoma. Watu waliokuwa barabarani wamevaa fulana walikuwa na baridi ya barafu kilomita 3 juu ya vichwa vyao. Umbali huo ukiulaza chini unautembea kwa nusu saa.

Mstari uliendelea kushuka bila matata, karibu nyuzi 7 kwa kila kilomita. Hii ni troposfia, tabaka la chini tunaloishi, na hapo sikuwa na shaka. Picha ya kitabu cha shule ilikuwa kichwani mwangu kama ramani ya kijijini kwetu: joto linashuka mpaka kilomita 11 au 12, halafu mstari unasimama, stratosfia, tabaka la juu yake, inaanza.

Kilomita 12 ikafika. Nyuzi 50 chini ya sifuri. Nikangoja mstari ukunje. Haukukunja. Kilomita 13, bado unashuka. Kilomita 14, hasi 60 na kitu. Nikatazama mlangoni, Mzee bado yuko kwenye simu. Nilijiuliza kama nimekigusa kihisi kwa kidole wakati wa kufunga uzi. Saa 5:42 nikafungua daftari la kituo na kuandika kwa kalamu: "Kipimajoto kinashukiwa kuharibika. Namba za juu ya kilomita 12 zisitumike." Nikajiona mtaalamu mwaminifu.

Mzee aliporudi nilimwonyesha skrini, sikumwonyesha daftari.

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Mzee, tumepita kilomita 12 na baridi bado inaongezeka."

Akacheka, cheko lake lile la watu wa pwani lisilo na haraka. "Hiyo picha ya kitabu chenu ni mbingu ya Ulaya. Kaa utazame."

Alivuta kiti. Akaniambia nifikirie sufuria jikoni. Jua halipashi hewa moja kwa moja kiasi hicho. Hupasha ardhi na bahari, na ardhi ndiyo inayopasha hewa kutoka chini. Hewa yenye joto hupanda, ikipanda hutanuka, na ikitanuka hupoa. Ikweta ndipo moto ulipo mkali, basi sufuria huchemka kwa nguvu na mawingu ya radi husukumwa mpaka kilomita 15 na zaidi. Ulaya huchemka kwa upole, na mfuniko wake uko chini, kwenye kilomita 11 hivi. Nchani mwa dunia ni kilomita 8 au 9. Na kwa kuwa huku kwetu hewa hupanda mbali zaidi kabla ya kugonga mfuniko, hupoa zaidi. Kwa hiyo mfuniko wenye baridi kali zaidi uko juu ya ikweta, si juu ya Ulaya. Nilimwomba arudie, nikidhani nimesikia vibaya.

Wakati anarudia, puto likafika kilomita 17. Saa ilikuwa 5:51, joto hasi 79. Mstari ukatetemeka, ukasimama, halafu ukaanza kurudi upande wa joto. Tropopozi, mfuniko wenyewe.

"Aliyeliona hili mara ya kwanza naye alidhani vyombo vyake vinamdanganya," Mzee alisema. Alikuwa anamzungumzia Mfaransa Teisserenc de Bort. Alirusha maputo zaidi ya 200, mengine usiku ili ahakikishe si jua linalopasha chombo, ndipo mwaka 1902 akathubutu kutangaza kwamba juu huko joto huacha kushuka. Mwaka 1908 Mjerumani Arthur Berson akaja na maputo yake huku kwetu, Ziwa Viktoria, akakuta mfuniko wa ikweta uko juu zaidi na una baridi kuliko wa kwao. Miaka zaidi ya mia sasa, na shule yangu ilikuwa bado inatufundisha kilomita 12 bila kusema ni za nani.

Kuanzia hapo kazi ikawa ya chombo cha pili. Pampu yake ndogo huvuta hewa na kuipitisha kwenye maji yenye iodidi ya potasiamu. Ozoni ikigusana na iodidi hutoa iodini, na mmenyuko huo huzalisha umeme mdogo sana. Umeme ukiongezeka, ozoni imeongezeka. Tangu chini mstari wake ulikuwa umelala karibu na sifuri. Baada ya kilomita 18 ukainuka kama mtu aliyeitwa jina, ukapanda mpaka kilele chake kwenye kilomita 26 hivi. Na joto nalo likawa linapanda: hasi 65, hasi 52. Nikaelewa kwa macho kitu nilichokuwa nimekikariri. Ozoni hunasa miale mikali ya jua na kugeuza nguvu yake kuwa joto, kwa hiyo stratosfia ina jiko lake la pili, na jiko hilo liko juu. Hewa yenye joto ikiwa juu na yenye baridi ikiwa chini haichanganyiki. Ndiyo maana wingu la radi likifika kwenye mfuniko hutandaa bapa kama fuawe ya mhunzi.

Juu ya kilomita 30 Mzee alinitahadharisha niziangalie namba za ozoni kwa jicho la pembeni. Hewa imekuwa nyembamba mno, pampu inavuta kidogo kuliko inavyodhaniwa, na lazima urekebishe hesabu. Isitoshe, mgandamizo ukishuka hadi milibari 12, maji huchemka kwenye nyuzi 10 tu. Maji ya kile chombo huanza kutokota bila moto wowote.

Saa 6:44 namba za kimo zikageuka na kuanza kushuka kwa kasi. Kilomita 33. Puto limepasuka. Mzee alinipa penseli nipige hesabu mwenyewe: mgandamizo kituoni milibari 820, kule juu 8, yaani mara mia pungufu. Ukitoa kidogo kwa ajili ya baridi, gesi imetanuka mara 80, na upana wa mita 2 umekuwa zaidi ya 8. Mpira una mwisho wake.

"Na juu ya hapo?" nilimuuliza tukinywa chai ya mkandaa na mahamri aliyoyaleta kwenye mfuko.

Alisema puto halifiki, basi. Jiko la ozoni huishia kilomita 50, kisha joto hushuka tena katika mesosfia, hadi hasi 90 karibu na kilomita 85. Vimondo vingi huungulia humo. Ni tabaka gumu kupima, kwa sababu liko juu mno kwa maputo na chini mno kwa setilaiti. Roketi hulipita kwa dakika chache tu. Baada yake termosfia, ambako joto huandikwa nyuzi elfu na zaidi, lakini chembe za hewa ni chache kiasi kwamba usingesikia moto wowote ngozini. Halafu akatulia na kuniambia alikozaliwa: Ngomeni, kaskazini ya Malindi.

Utotoni aliona Waitaliano wakirusha roketi kutoka kwenye jukwaa la San Marco, baharini mbele ya kijiji. Watoto walikaa mchangani kuhesabu. Alikuja kujua ukubwani kwamba setilaiti ya San Marco ya mwaka 1967 ilirushwa ili kupima jinsi hewa chache iliyobaki kule juu, mamia ya kilomita, inavyokikwaruza chombo na kukipunguzia mwendo. Hata huko hewa haijaisha. "Inapungua tu," alisema, "mpaka unachoka kuihesabu."

Kisha akavuta daftari ili atie sahihi ya siku, akasoma mstari wangu wa saa 5:42. Nikanyoosha mkono kuchukua karatasi nyeupe ya kubandika juu. Akanizuia. Alitaka nikate mstari mmoja tu katikati, maandishi yabaki yanasomeka, niweke saa na jina langu pembeni.

"Chini yake andika kimo cha tropopozi," alisema, akarudi kwenye chai yake.