Barua niliyoiandikia USCIS kwa ajili ya mama

Hii ilikuwa 2019, nishapata uraia wa Marekani na nimeshapeleka fomu I-130 ya kumuombea mama ahamie Marekani, nikawa nasubiri tu majibu. Ikaja barua ya USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, kwamba cheti changu cha kuzaliwa kimesajiliwa 2009 wakati mimi nimezaliwa 1984, kwahiyo nilete ushahidi mwingine wa kipindi kile kile nilichozaliwa kuonyesha huyu ni mama yangu kweli. Sikushangaa, kule kwetu Kilimanjaro enzi zile watoto wengi walikuwa hawaandikishwi, cheti cha RITA unakuja kukitafuta ukubwani ukitaka pasi.

Sasa kitu kikubwa kwenye hizi barua ni kwamba unajibu mara moja tu, yani ukituma nusu leo ukasema nyingine nitaleta, wao wanachukulia ndo umemaliza na wanaamua kwa hicho hicho, na muda wa mwisho wanakuandikia, hawaongezi. Ndo maana barua ya kutangulia juu ya karatasi zote za ushahidi niliipa uzito sana, maana ofisa anayefungua bahasha hajui Kiswahili, hajawahi kuona kadi ya kliniki ya Tanzania, na hana wa kumuuliza.

Mama alikuwa amekitunza kila kitu kwenye sanduku la bati aisee. Dada akaskani akanitumia. Kadi ya kliniki ndo ilinigusa, imekunjwa mpaka mkunjo umekaribia kuachia, uzito umeandikwa mwezi kwa mwezi kwa kalamu tofauti tofauti, na juu jina la mama kwa mwandiko wa nesi. Cheti cha ubatizo nacho kipo, muhuri wa usharika umefifia lakini unasomeka, nimezaliwa Machi nikabatizwa Mei mwaka huo huo.

Kutafsiri nilimpa mwalimu mmoja mstaafu tunayefahamiana huku. Kwa USCIS mtafsiri si lazima awe wa kuapishwa, ila lazima atafsiri karatasi nzima na aandike mwenyewe kwamba tafsiri ni kamili na sahihi na kwamba anaziweza lugha zote mbili, halafu jina, sahihi, anwani na tarehe. Nikamwambia mwalimu nzima maana yake na mihuri, na yale maandishi ya nesi pembeni, na pasiposomeka aandike hapasomeki, asibahatishe. Kila karatasi akaiwekea tamko lake.

Barua yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja na kidogo. Juu namba ya kesi, jina langu mwombaji, jina la mama mwombewa, na sentensi moja tu kwamba hili ni jibu la barua yenu ya tarehe fulani. Halafu viambatisho, kila kimoja na kazi yake. Kielelezo A cheti cha RITA, kipo kwa Kiingereza hakihitaji tafsiri, kinaonyesha majina ya wazazi. Kielelezo B cheti cha ubatizo, nakala na tafsiri nyuma yake, kazi yake kuonyesha kwamba mama alitajwa kama mzazi wangu 1984, miaka 25 kabla ya ule usajili. C kadi ya kliniki, inaonyesha ni yeye aliyekuwa ananipeleka kupimwa. D na E viapo viwili, cha shangazi na cha jirani aliyekuwepo siku nazaliwa, wote wameeleza wanajuaje, wamezaliwa lini na wapi, wana uhusiano gani na sisi, maana kiapo cha kusema tu namfahamu huyu ni mtoto wake hakina nguvu.

Halafu kuna hili la jina. Kanisani mama kaandikwa Anastazia, kwenye cheti cha RITA na pasi yake ni Anastasia. Mwalimu aliacha kila moja kama ilivyo na ndivyo inavyotakiwa, mtafsiri akianza kunyoosha majina tafsiri inakuwa haifanani na karatasi yake na hapo ndo wanaanza kutilia shaka. Maelezo yakakaa kwenye barua, kwamba ni mtu mmoja, na ukoo, kijiji na jina la mume vinafanana kwenye karatasi zote, angalia A na B.

Nikapanga, ile barua yao yenyewe juu kabisa kama walivyoagiza, halafu yangu, halafu vielelezo kwa herufi. Nikatuma nakala tu, kwa posta yenye namba ya kufuatilia, na mzigo mzima nikautolea fotokopi.

Ombi likapita. Mama alipokuja kuitwa ubalozini Dar kwa mahojiano alitakiwa aende na karatasi halisi, kadi ya kliniki ikatoka tena sandukuni, na ile fotokopi yangu dada akampangia kwa herufi zile zile A mpaka E.