Siku yangu na "h" iliyozama mvuani

Saa 2 asubuhi. Nimeamka na ujumbe wa mwongozaji wa filamu: "Ndugu, kwenye simu nasikia 'Atafika leo', ilhali mwigizaji alisema 'Hatafika leo'." Herufi moja, na kisa kizima kimegeuka.

Saa 3. Studio, nafungua mchanganyiko wa sauti wa chaneli sita wa onyesho hilo, ambalo mwigizaji anazungumza mvua ikinyesha. Kwenye spika kamili "h" inasikika vizuri. Sauti ya mwigizaji inatoka spika ya kati peke yake, mvua inatoka pembeni na nyuma, na sikio linazitenganisha kwa mahali zinapotokea.

Saa 4. Nasikiliza toleo la stirio nililotuma jana, kwanza kwenye kompyuta mpakato, kisha kwenye simu. Kweli, "h" haipo. Nilitumia kanuni ya kawaida: chaneli ya kati inagawiwa kushoto na kulia ikiwa imepungua desibeli 3 (yaani mara 0.707), za nyuma vivyo hivyo, za mbele pembeni zinabaki zilivyo, na chaneli ya besi inaachwa. Kanuni haina kosa, ila sasa mvua kutoka pande nne imerundikwa pale pale inapotoka sauti ya mtu. Spika ya simu nayo haitoi besi, kwa hiyo uzito wa sauti ya mwigizaji umepotea na zimebaki konsonanti. "H" ni pumzi tupu, na mvua nayo ni mchakacho unaofanana na pumzi. Ndiyo maana imemezwa kabla ya herufi nyingine zote.

Mpaka saa 7 nilikuwa nimejaribu njia ya mkato, kupandisha sauti ya toleo lote la stirio. Haikusaidia hata kidogo, kwa kuwa mvua ilipanda pamoja na maneno. Uwiano lazima urekebishwe chaneli zikiwa bado zimetengana.

Saa 8. Narudi kwenye chaneli sita, onyesho hili tu:

```
ffmpeg -i mvua.wav -af "pan=stereo|c0=0.5*c2+0.3*c0+0.15*c4|c1=0.5*c2+0.3*c1+0.15*c5" stirio.wav
```

Hapa `c2` ni ya kati, `c4` na `c5` ni za nyuma. Kila upande jumla ni 0.95, haifiki 1, hivyo sauti haiwezi kupasuka kwa kujumlishwa. Ukilinganisha na kanuni ya kawaida, maneno yamepanda takriban desibeli 7 juu ya chaneli za mbele pembeni, na 10 juu ya za nyuma.

Saa 10. Nasikiliza kwenye simu, sauti ikiwa nusu, bila kutazama picha. "Hatafika leo." Nimerudia mara tano, macho nimeyafumba, maana anayelijua neno hulisikia hata lisipokuwepo. Kisha nimemwita jirani asiyeijua filamu, akaandika alichosikia. Ameandika "hatafika".

Saa 11. Nimejaribu mizani hiyo kwenye onyesho la ngoma linalofuata, na ngoma zimenywea zikawa kama zinapigwa chumba cha pili. Hilo nimeliacha kwenye kanuni ya kawaida.