Doti kumi na mbili

Juzi mpwa wangu alikuja kunionyesha leso aliyomnunulia mamake kwa Idd. Hajaikunjua yote, harufu ya kanji ilishanifika puani, ile ya leso ambayo haijaona maji, nami nikainama kutafuta maandishi. "Mjomba, mbona huangalii rangi?" Nikamjibu kwamba rangi haikimbii. Sikumweleza habari za yule mama wa Kibokoni.

Ilikuwa 2014, dukani kwa ami, Barabara ya Biashara, mnapajua. Mama alikuwa ameagiza kwa simu doti 30 za leso moja, nyekundu yenye pindo jeusi, jina lake "Mkipendana mambo huwa sawa". Harusi ya mwanawe wa kiume ilikuwa Ijumaa ya wiki ya pili, na leso zingevaliwa Alhamisi usiku. Bei ilikuwa shilingi 450 kwa doti, na pesa zote, 13,500, zilishaingia kwa M-Pesa. Nilitazama daftari nikaona 30, nikamwambia zipo, aje Jumatano.

Jumanne jioni nilipozishusha zilikuwa 18. Zile 12 zilikuwepo kweli, chini ya meza, zimefungwa kamba na kikaratasi cha mteja aliyezilipia arbuni. Daftari letu lilihesabu kilichomo dukani, wala halikutenga kilichoshikwa arbuni. Leso ya arbuni si yako tena hata kama unailalia. Tangu siku hiyo ami alichora safu ya pili, "zilizoshikwa", na anayeulizwa kwa simu hutoa hiyo kwanza kabla hajasema ndiyo.

Kosa la kwanza lilikuwa la daftari. La pili langu mwenyewe. Sikumpigia simu usiku ule. Nilijipa moyo kwamba nitampatia kitu kinachofanana, na Jumatano asubuhi akafika na binti yake, tuktuk inamngoja nje.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nifungie haraka, fundi yuwaningoja."

Nikamweleza kwamba zimepungua 12, na kabla hajavuta pumzi nikakunjua mbele yake leso niliyokuwa nimeichagua. Nilijivunia chaguo lile. Nyekundu ileile, pindo jeusi lilelile, hata maua ya mji yalikaribiana. Mama akaipapasa, akageuza upande wa kanji, akaitikia kwa kichwa. Kisha akaivuta ukingo hadi karibu na macho, midomo ikawa inacheza kama anayehesabu. Akanyamaza. Akamwita binti yake asome kwa sauti, na binti akasoma: "Japo sipati tamaa sikati."

Kukawa kimya. Wanawake wawili waliokuwa wakichagua buibui wakageuka. "Mwanangu," mama akasema polepole, "dada zake bwana harusi waingie kwa wakwe wamevaa hivi? Nani ambaye hajapata? Na tamaa ya nani?" Mmoja wa wale wanawake alicheka hadi akashika meza. Mimi nilikuwa nimelisoma jina lile mara mia, lakini kama mpangaji wa rafu asomavyo, si kama mvaaji.

Ami alitoka nyuma, hakunigombeza. Alimwomba radhi mama, akamwambia tuktuk iende, tutamwitia nyingine kwa gharama ya duka, akamvutia kiti. Swali lake la kwanza halikuhusu leso. Aliuliza fundi anataka siku ngapi. Nikaja kufahamu baadaye kwa nini alianza hapo. Doti ni vipande viwili vilivyoshikana. Hukatwa, kisha kila kipande hupindwa ncha mbili. Doti 30 ni vipande 60, yaani kupinda mara 120, na fundi yule wa Bondeni alitaka siku tatu. Kwa hiyo siku ya mwisho ya mama haikuwa Alhamisi ya ngoma. Ilikuwa Jumatatu.

Mzigo mwingine wa leso ileile ulikuwa bandarini Kilindini, na wakala wa forodha alishatuambia kesho. Mimi ningempa mama kesho hiyohiyo. Ami alimpa Jumatatu jioni, akamfafanulia: kesho ya wakala ni siku ya karatasi kutoka; baada ya hapo kuna lori, kuna kupakua, kuna kufungua robota na kuhesabu, na Ijumaa mchana vibarua wako msikitini. Doti 12 zikifika Jumatatu jioni ni vipande 24 tu, fundi angeziweza kwa Jumanne na Jumatano. Tarehe ilikuwa inatosha.

Lakini hapo hapo ami akaongeza jambo ambalo mfanyabiashara mwenye njaa angelimeza. Mzigo mpya huenda ukawa na nyekundu nyingine. Leso ya jina moja ikichapwa mara ya pili, rangi huchanganywa upya, na nyekundu huweza kuangukia kwenye damu ya mzee. Chini ya taa ya duka huoni tofauti. Ukizipeleka mlangoni kwenye jua, ukazilaza ukingo kwa ukingo, unaiona. "Ukitaka kungoja," akamwambia, "ngojea zote 30 za mzigo mmoja. Usichanganye." Na zote 30 zikingojewa hadi Jumatatu jioni, fundi asingebakiwa na nafasi hata ya kuvunja sindano.

Zikabaki njia mbili: arudishiwe pesa, au tupate kibadala kisichojifanya ndugu. Ami akashusha kisutu. Kile chetu hakikuwa na jina, kwa hiyo hakikuwa na wa kumsema, na hakuna mzee wa Mombasa atakayeuliza kisutu kimefuata nini harusini. Akamshauri zile 18 wavae dada na wanawali, kisutu wavae mashangazi na mabibi. Kikiwa mbali na ile nyingine, watu wataona makundi mawili yaliyopangwa. Kikikaribiana, wataona duka liliishiwa. Mama akacheka kwa mara ya kwanza.

Kisutu kilikuwa 500 kwa doti. Ile 50 ya juu ilibebwa na duka, maana upungufu ulikuwa wetu. Tatizo ni kwamba kisutu nacho kilikuwa doti 10. Doti 2 zikabaki hewani, na kabla hatujakata kitambaa chochote (kikishakatwa hakirudi rafuni) tukaandika kwenye risiti: 18 za mwanzo, 10 kisutu, 900 kurudishwa.

Nikazituma palepale, na ada ya kutuma ikawa juu yetu. Nilifuata sheria ya ami: pesa hurudi kwenye laini iliyolipa, hata kama aliyesimama mbele yako ni mwingine, kwa sababu ujumbe wa malipo ndio shahidi pekee mtakaokuwa nao mkija kugombana. Laini ilikuwa ya mtoto wake aliye Voi. Mama hakusema kitu. Nadhani alikuwa akihesabu mashangazi.

Baada ya harusi alirudi. Leso zilipendeza, alhamdulillahi, fundi naye alimaliza. "Sasa mia tisa zangu ziko wapi?" Nikamwonyesha ujumbe. Mtoto, kumbe, aliziona akadhani ni shukrani za duka, akazila. Mama alidai kwamba aliyeagiza ni yeye, aliyedhalilika mbele ya watu ni yeye, aliyelala na wasiwasi ni yeye. Ami alishikilia kwamba nilituma sawasawa. Hata leo nikilifikiria sijui nani kati yao alikuwa na haki zaidi.

Mwishowe ami alinyoosha mkono rafuni bila kutazama, akavuta doti moja ya bure kumfungia. Nikamshika mkono, nikaisoma kwanza.