Taa ya mkia

Leo nimelifuta neno "shujaa" kwa mara ya tatu. Mtoto wa marehemu analirudisha kila anaponitumia rasimu, nami nalifuta. Hatujagombana. Ananiita baba mdogo, kwa hiyo akikasirika ananyamaza tu kwenye simu, nami namsikia akinyamaza.

Tunaandaa kijitabu cha ibada ya kumbukumbu, mwaka mmoja tangu mwenzangu wa kazi ya reli alale. Kurasa ni 16, kwa sababu vijana wa uchapaji wa Nasser Road, Kampala, wakikunja karatasi na kupiga pini katikati, kurasa lazima zigawanyike kwa nne. Ukiondoa picha, nyimbo, ratiba na shukrani za familia, wasifu wa kazi unabaki na kurasa tatu. Kijana ataandika toleo la Kiingereza, mimi nimepewa la Kiswahili. Mama yao ndiye aliyetaka hivyo. Alisema watu wa reli watakuja kutoka Kisumu na kutoka Kasese, na lugha iliyowakutanisha kazini ilikuwa hii.

Nilidhani ingekuwa kazi ya jioni mbili. Leo ni wiki ya tatu.

Sentensi ya kwanza tu ya rasimu ya familia ilikuwa na makosa mawili. Ilisema marehemu "aliajiriwa na Reli na Bandari za Afrika Mashariki mwaka 1971, akalitumikia Shirika la Reli la Uganda kwa miaka 35". Mtu wa kawaida hataona kitu hapo, lakini wazee watakaokaa mistari ya mbele wataona. Reli na bandari zilitenganishwa mwaka 1969: bandari zikawa na shirika lake, na makao yake makuu yakawa Dar es Salaam, reli zikabaki na lao Nairobi. Kijana aliyeajiriwa 1971 aliajiriwa na Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Kosa linaeleweka, maana vikombe, blanketi na vitasa vyenye herufi za jina la zamani tuliendelea kuvitumia miaka mingi. Hata nyumbani kwake kuna sahani yenye herufi hizo, na nadhani kijana aliinakili hapo.

Halafu ile miaka 35. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Shirika la Reli la Uganda ni la kuanzia hapo. Miaka 6 ya mwanzo ni ya mwajiri mwingine. Wasomaji wa nje watasema nachambua nywele. Wastaafu wa Jumuiya hawatasema hivyo. Wao walingoja mpaka Mei 1984, nchi tatu zilipotia saini Arusha mkataba wa kugawana mali na madeni ya Jumuiya, ndipo ikaandikwa kwamba kila nchi itabeba pensheni za raia wake kwa utumishi wa kabla ya kuvunjika. Kwa mzee aliyezunguka ofisi na bahasha mkononi akidai miaka hiyo, kuimeza ndani ya miaka ya shirika jingine ni kuifuta mara ya pili. Nikaandika: "Alifanya kazi ya reli kwa miaka 35, sita ya kwanza katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki." Urefu ni uleule.

Shemeji aliniletea sanduku la bati. Alilifuta vumbi kwa kanga, akaniwekea chai na karanga, akaniacha nalo mezani. Mlikuwa na barua ya ajira, cheti cha Chuo cha Mafunzo ya Reli Nairobi, barua za uhamisho saba, na hati za mshahara zilizofungwa kwa uzi. Hizo hati za mshahara ndizo nazozipenda. Barua ya kupandishwa cheo huwa na tarehe mbili, ya kuandikwa na ya kuanza kazi, na mara nyingi zimepishana miezi. Nyingine zinaandikwa na cheo chenyewe hakishikwi kamwe. Hati ya mshahara inakuonyesha cheo alicholipwa mwezi ule.

Kwa njia hiyo nikagundua kwamba kwenye stesheni yake kubwa ya mwisho alikuwa kaimu kwa miaka minne. Rasimu ilisema "Stesheni Masta, 1985–1994". Hati zinasema kaimu mpaka 1989. Kijana akaniomba niliache. "Baba mdogo, neno kaimu litamshusha." Nikamwambia neno lile linaonyesha kwamba alifungua ofisi alfajiri miaka minne, akajibu kwa kila behewa lililopita, bila mshahara wa kiti alichokalia. Tukakubaliana: "Alikaimu nafasi hiyo kuanzia 1985, akathibitishwa 1989."

Mwisho wa utumishi nao ulihitaji uangalifu. Mwaka 2006 uendeshaji wa treni ulikabidhiwa kampuni binafsi, na yeye, akiwa na miaka 56, akapewa barua. Familia ilitaka "alistaafu". Hakustaafu, ila sitaki "alipunguzwa kazi" isomwe mbele ya wajukuu kanisani. Nimeandika kwamba utumishi wake ulikoma mwaka huo uendeshaji ulipokabidhiwa. Anayejua ataelewa.

Sasa shujaa.

Hadithi ya familia ni kwamba usiku mmoja, miaka ya mwanzo ya themanini, baba yao alisimama katikati ya reli na taa nyekundu, akasimamisha treni ya abiria, akaokoa mamia ya watu. Kwenye rasimu ilijaza nusu ukurasa na ilikuwa na mvua. Mvua kweli ilikuwepo. Mengine hayakuwa hivyo. Najua kwa sababu usiku ule mimi nilikuwa kontrola wa zamu, mpangaji wa safari za treni, nimeshika simu upande wa pili.

Nieleze kidogo kwa ambao hawakufanya kazi hii. Njia yetu ni moja, treni za kwenda na za kurudi zinaitumia hiyohiyo. Kwa hiyo kati ya stesheni mbili inaruhusiwa treni moja tu. Stesheni masta akitaka kutoa treni anaomba njia kwa mwenzake wa mbele. Yule wa mbele hatoi njia mpaka treni iliyotangulia iwe imefika kwake yote. Neno ni hilo, yote. Kufika kwa injini si kufika kwa treni. Anatakiwa aione taa ya mkia, ile nyekundu inayotundikwa nyuma ya behewa la mwisho, ndipo aandike saa na dakika kwenye rejista. Asipoiona, kwake yeye treni bado iko njiani, hata kama injini inapumua mbele ya dirisha lake.

Usiku ule treni ya mizigo iliingia kwake, stesheni ndogo kati ya Tororo na Jinja. Dereva alikuwa na haraka, mvua inapiga mabati. Mwenzangu alitoka na taa yake ya mkono, akasimama mpaka behewa la mwisho lilipopita. Halikuwa na taa.

Treni ikikatika, kwa kawaida inajisimamisha yenyewe. Bomba la breki linapita chini ya mabehewa yote, na likichomoka hewa inatoka na breki zinakamata, mbele na nyuma. Lakini kila behewa lina koki kwenye bomba hilo. Koki ikiwa imefungwa katikati ya treni, mabehewa yaliyo nyuma yake hayana breki za injini, na yakiachana na wenzao dereva hasikii kitu zaidi ya kuona uzito umepungua, na usiku wa mvua kwenye mteremko nani atauona? Mabehewa yaliyobaki yanategemea gadi, msimamizi wa treni anayekaa behewa la mwisho, na breki yake ya mkono. Ndivyo ilivyokuwa: mabehewa sita na behewa la gadi yalibaki gizani, kilomita kadhaa nyuma. Nani aliifunga ile koki na wapi, haikujulikana.

Nilikuwa na treni ya abiria imesimama stesheni ya nyuma, imeshachelewa. Nikampigia. Akasema hajaona taa ya mkia. Nikamwambia labda imezimika kwa mvua. Akasema labda. Nikamwambia dereva ameshathibitisha treni yake ni nzima. Akasema dereva anatazama mbele. Nikapandisha sauti. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, na nilimwambia asubuhi ataeleza kwa maandishi. Akajibu, "Nitaeleza, bosi. Njia sitoi." Akakata simu. Alipiga tena baada ya dakika kumi kunijulisha kwamba amehesabu mabehewa akilinganisha na karatasi ya treni, na pungufu ni saba, la gadi likiwemo.

Kwa hiyo hakusimamisha treni yoyote kwa taa nyekundu. Treni ya abiria haikuondoka kabisa. Ilikaa pale zaidi ya saa tatu, abiria wakitukana, hadi injini iliporudi kuchukua mabaki. Alichofanya ni kutoandika mstari mmoja kwenye rejista.

Nimekipa aya moja, maneno tisini na kitu. Nilimtafuta gadi wa usiku ule, yuko hai, anaishi Mbale. Tulikubaliana kwa yote isipokuwa mwaka: yeye anasema 1982, mimi nadhani 1983. Rejista hatunayo, basi imeandikwa "mwanzoni mwa miaka ya themanini". Idadi ya abiria nimeitoa pia, hatukuwahi kuihesabu. Katikati ya aya pana maneno "licha ya kushinikizwa na kontrola wa zamu". Kijana aliyakata, akasema yanamchafua mtu ambaye huenda yuko hai.

Jana nilikwenda Tororo kumsomea shemeji aya hiyo kabla ya kuipeleka mtamboni. Alisikiliza huku akichambua mchele.

"Alinisimulia," akasema. "Alisema kontrola yule alikuwa na sauti ya mbuzi aliyefungwa kamba fupi."

Nikakohoa. "Shemeji, yule kontrola ni mimi."

Akanitazama kwa muda. Kisha akacheka mpaka akaweka ungo chini. "Miaka yote hiyo nakupikia, na hakuniambia!" Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Hayo maneno yaacheni. Mtoto nitaongea naye mimi."

Kisha akanisogezea picha ya kundi la chuo cha Nairobi, tuanze majina. Waliosimama mstari wa nyuma tumewapata wote. Wa tatu kutoka kushoto, aliyeketi, hatumjui, si yeye wala mimi wala gadi wa Mbale. Nimeandika chini ya picha: "Wa tatu kushoto hajatambuliwa." Nimeacha nafasi kidogo hapo, ili atakayemjua siku ya ibada aandike kwa kalamu.