Siku moja maishani mwangu: vile mita 24 za waya ziligeuka 82

Saa kumi na moja na nusu asubuhi

Simu ndio imeniamsha, si alamu. Mama mwenye nyumba ya Utawala, hapa Nairobi, amenitumia plani kwa WhatsApp usiku wa manane na meseji moja tu, fundi naomba listi ya vitu vya stima leo nijue ni pesa ngapi. Nyumba ni bedrumu mbili, ya chini, haina ghorofa, ukuta umefika lenta na slabu ya chini ilishamwagwa kitambo. Nikaifungua nikiwa bado kwa blanketi, nikaona soketi zimechorwa vizuri, swichi ziko, taa ziko, lakini mwenye alichora hakuandika waya utapitia wapi, na hiyo ndio kazi yenyewe. Plani inakwambia soketi iko wapi, haikwambii utafika aje.

Nikampigia Brayo, kijana wangu wa mkono, nikamwambia apitie kwa saiba ya pale steji Pipeline aprinti hiyo plani, tukutane kwa matatu ya Utawala.

Saa mbili asubuhi

Tumefika. Brayo ako na karatasi, na tayari amepima kwa rula ndani ya gari. Ananiambia, "Fundi, waya wa soketi ni mita 24, nimeongeza asilimia kumi ikawa 26 na nusu, roli moja tutabaki na nyingi sana." Nikacheka kidogo. Kijana ako na bidii, shida ni karatasi.

Plani imeandikwa 1:100, maana yake sentimita moja kwa karatasi ni mita moja kwa ploti. Lakini ilichorwa kwa A3 na saiba wameiprinti kwa A4, ikawa ndogo, na ile 1:100 imebaki tu hapo kwa kona ikidanganya watu. Nikamwambia aweke rula kwa bedrumu kubwa, penye wameandika ukuta ni mita 3.6. Rula ikasoma sentimita 2.55. Hapo ndio unajua. Chukua 3.6 ugawe kwa 2.55, unapata 1.41, so kila sentimita ya hii karatasi ni mita 1.41. Zile sentimita 24.1 zake zikawa mita 34. Mimi sianzagi kupima kabla sijatafuta ukuta wenye umeandikwa namba nikaulinganisha na rula, na kama kuna ukuta umesimama tayari napima huo kwa tepu pia, maana mason naye hujenga vile anaona.

Saa nne

Tumekaa juu ya mawe na daftari. Hapa ndio siku imeenda yote kusema ukweli.

Mita 34 ni ya kutembea kwa sakafu tu, kama siafu. Lakini hii slabu ilimwagwa bila paipu ndani, so siwezi kupitisha waya chini, lazima nipite juu ya dari na kushuka kwa ukuta kila mahali kuna soketi. Dari iko mita 2.7, soketi nitaweka sentimita 40 kutoka sakafu, so kila mshuko ni mita 2.3. Na soketi za sitting rumu na bedrumu nimezipanga kwa ringi, waya unatoka kwa breka unazunguka soketi zote 9 unarudi kwa breka ileile. Kwa ringi waya ukishuka kwa soketi lazima upande tena uende kwa inayofuata. Mita 2.3 chini, mita 2.3 juu, hiyo ni 4.6 kwa soketi moja. Zidisha mara 9, unapata mita 41.4.

Brayo akanyamaza kidogo. Akasema, "Yaani kushuka na kupanda ni refu kuliko kuzunguka nyumba yote?" Ndio hivyo. Na plani haioneshi hata sentimita moja ya hiyo, kwa sababu plani imeangaliwa kutoka juu.

Tukaendelea. Boksi ya breka iko kimo cha mita 1.8, so kutoka hapo hadi dari ni sentimita 90, mara mbili kwa sababu ringi inaenda na kurudi, mita 1.8. Halafu mikia. Kila mwisho wa waya ndani ya boksi ya soketi naacha sentimita 20, ndio uweze kuvuta soketi nje na kufunga skrubu bila kulia, na kwa boksi ya breka naacha nusu mita kila mwisho. Soketi 9 zenye miisho miwili ni mita 3.6, breka ni mita 1. Jumlisha zote: 34, 41.4, 1.8, 3.6 na 1. Mita 81.8. Hiyo ni nyekundu ya kuleta stima peke yake. Nyeusi ya kurudisha nayo hivyohivyo, na ile ya kijani na njano ya athi hivyohivyo.

Jikoni nimetoa nje ya ringi, inapata laini yake ya soketi tatu juu ya kaunta. Hiyo hairudi, inaishia soketi ya mwisho, na kutoka soketi moja hadi nyingine nachonga ukuta moja kwa moja bila kupanda juu, so ikatoka mita 13 tu. Jumla ni mita 94.8 kwa kila rangi. Ongeza asilimia kumi, 104. Roli ni mita 90. Hapa fundi wengi wanaandika roli mbili kila rangi na mwenye nyumba anabaki na mita 76 zimelala chini ya kitanda, mara tatu. Mimi nimeandika roli moja na mita 15 za kukatiwa, kila rangi. Ringi inakula roli, jikoni inakula zile 15. Sipendi kuchanganya kwa sababu ndani ya paipu hakuna kuunga waya, na kile kipande cha kutoka breka hadi soketi ya kwanza ya jikoni lazima kiwe kizima. Ukibaki na vipande vinne vya mita mbili mbili, kwa karatasi ni mita nane, kwa ukuta si kitu.

Paipu usizihesabu kama waya lakini. Waya unashuka na kupanda ndani ya paipu ileile, so mshuko unaupima mara moja. Kwa ringi ilikuwa 34, na 20.7 za mishuko, na sentimita 90 za breka, mita 55.6. Paipu ni za mita 3, so 19, nikaandika 21 kwa sababu kuna moja itapasuka ikikunjwa na moja itakanyagwa na watu wa plasta, hiyo najua kama najua jina langu.

Saa saba

Chapo madondo kwa kibanda cha mama hapa kando. Mwenye nyumba akapiga. "Fundi, kuna kijana mwingine ameniambia yeye atatumia nusu ya hiyo waya." Nikamuuliza, mama, amekwambia ringi inarudi? Akasema hajui. Sasa hii ndio ile kitu inanitia wasiwasi kwa hizi nyumba. Mtu anaweka breka ya amp 32, anapitisha waya wa 2.5, yaani shaba ya milimita mraba 2.5, hadi soketi ya mwisho na anaishia hapo, amesevu ile mita ya kurudi. Soketi zote zinawaka. Mwenye nyumba analipa, fundi anaenda. Lakini ile 32 imewekwa hapo kwa sababu mzigo unagawanyika njia mbili, ukiondoa njia moja ule waya mmoja unabeba wote na breka haioni shida yoyote, waya unapata moto ndani ya ukuta polepole. Huwezi jua kwa kuangalia. Njia ya kujua ni kabla ya kufunga kwa breka, stima ikiwa haijaletwa, unachukua mita ya kupima stima unashika ncha mbili za nyekundu, na isipolia ringi imekatika mahali. Fanya hivyo na nyeusi na ya kijani pia. Nikamwambia mama, akitaka isirudi ni sawa, lakini basi breka iwe ya 20, na asiwashe hita na aironi na ketile pamoja. Akasema wacha irudi.

Saa nane na nusu

Breka zilienda haraka. Taa nimegawa laini mbili, breka ya 6 kila moja na waya wa 1.5, ndio moja ikianguka usibaki giza nyumba yote. Ringi 32, jikoni 20, kuka ya stima 32. Shawa ya kuchemsha ni kilowati 5.5, ukigawa 5500 kwa volti 240 unapata karibu amp 23, so breka ya 20 inaweza kuanguka ukiwa na sabuni usoni. Nikaandika 32 na waya wa 6, kwa sababu breka inalinda waya, ukiweka 32 kwa waya wa 2.5 wa njia moja umelinda hewa. Laini ni sita, boksi nimechagua ya nafasi nane. Akiba ya breka sinunui, zikiwa mbaya nazirudisha dukani.

Kwa taa nimeongeza nyekundu kuliko nyeusi. Nyekundu inashuka kwa swichi na inapanda tena kwa taa, nyeusi inaenda kwa taa moja kwa moja. Kila saiti ukiskia waya umeisha, uliza rangi, itakuwa nyekundu.

Saa kumi kasorobo

Tao, Luthuli, kwa maduka ya vitu vya stima. Nimekuja kuuliza bei tu, mama atatuma pesa kesho. Bei siandiki hapa, shaba inapanda kila siku. Kijana wa duka akaniletea roli ya 2.5 yenye bei tamu sana. Nikamwomba kisu nikachuna ncha. Waya wa kweli wa 2.5 una nyuzi saba, kila uzi unene wa milimita 0.67. Hiyo ilikuwa na saba sawa, lakini kaliperi yangu ikasoma 0.53, na hiyo ni 1.5 imevaa koti nene ikaandikwa 2.5. Nyingine nikainua kwa mkono, nyepesi. Shaba ya mita 90 za 2.5 peke yake ni kama kilo 2, bado plastiki, so roli yote ikiwa kilo mbili kasoro kuna kitu kimeibwa, ama unene ama urefu. Duka la tatu ndio nilipata ya ukweli na nikaacha listi hapo wanipigie hesabu.

Saa mbili usiku

Nyumbani, nimetoa viatu. Meseji ya mama. "Fundi nilisahau soketi ya TV, iwe juu ukutani sitting rumu." Nikatoa daftari. Kimo cha mita 1.5, mshuko ni 1.2, mara mbili ni 2.4, na mikia 0.4, jumla 2.8. Ringi inapita hapo juu tayari. Roli ilikuwa inabaki na mita 8, sasa inabaki na 5. Paipu iko kwa zile mbili za akiba. Nikabadilisha soketi pacha kutoka 13 kuwa 14, yaani 13 za kufunga na moja ya kuvunjika, boksi za sita kwa tatu kutoka 12 kuwa 13, nikamtumia Brayo picha ya ukurasa. Akajibu, "Fundi, hapo kwa paipu umepima mara moja ama mbili?"