Karatasi ya Kwanza Ilibaki Kwenye Faili

Meneja alitaka karatasi ya kwanza ichanwe. Alisimama mlangoni kwangu akaongea kwa upole, kama mtu anayenipunguzia kazi. Shahidi sasa amekumbuka vizuri, alisema, kwa hiyo andika maelezo mapya yenye siku sahihi, asaini, na yale ya zamani yaondoke yasije yakatuchanganya kwenye kikao. Nilimjibu kwamba ile karatasi haitoki kwenye faili, wala haiguswi.

Ilikuwa mwaka 2014, kwenye chama cha ushirika cha wakulima wa chai huko juu ya Tukuyu, nami nilikuwa katibu wa uchunguzi. Mifuko tisa ya mbolea ilikuwa haionekani stoo. Ilikuwa NPK, ya kilo 50 kila mfuko, ile ambayo mkulima anakopeshwa na chama kisha anakatwa taratibu kwenye malipo yake ya majani mabichi. Mfuko ukipotea hapo, deni linabaki kwa watu ambao hawakuuona hata kwa macho. Kwa hiyo vijijini kulikuwa na hasira, na tayari kila mtu alikuwa na jina mdomoni: mtunza stoo.

Kanuni za Utendaji Bora kazini, zile za Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinamtaka mwajiri achunguze kwanza, aone kama kuna sababu ya kumwita mtu kwenye kikao cha nidhamu. Hatua hiyo ndiyo niliyokuwa nayo mkononi. Na shahidi wa maana alikuwa mmoja tu, mama mmoja mtu mzima ambaye nyumba yake inatazamana na stoo, ng'ambo ya barabara.

Nilimhoji siku ya Jumatatu, barazani kwake, mvua ikinyesha. Nilikuwa na daftari gumu ambalo kurasa zake zote nilikuwa nimezipiga namba kabla sijaanza kulitumia, maana karatasi zilizolegea zinapotea, na hata zisipopotea mtu anaweza kudai kwamba moja ilichomolewa. Nilimwacha asimulie mwanzo hadi mwisho bila kuandika. Kisha nikamwomba arudie, na safari hii nikaandika kwa maneno yake mwenyewe, "mimi niliona", "mimi nilisikia", pamoja na maswali yangu pale nilipouliza.

Alisema alimwona mtunza stoo jioni, giza likianza kuingia, akipakia mifuko kwenye pikipiki mbili. Nikamuuliza siku. Akafikiri, akajibu, "Nadhani ni Jumatano, mwanangu. Ilikuwa katikati ya wiki."

Niliandika hivyo hivyo: "Nadhani ni Jumatano, ilikuwa katikati ya wiki." Katika kazi hii kuna kishawishi kikubwa cha kunyoosha maneno ya watu. Mkono unataka kuandika "Jumatano, saa kumi na mbili jioni" kwa sababu inasomeka vizuri na inaonekana ya kiofisi. Lakini yule mama hakusema hivyo. Shaka yake ni sehemu ya ushahidi wake, na anayeifuta anampa shahidi uhakika ambao hana, kisha anamwacha peke yake siku ya kuulizwa maswali.

Aliniambia pia kwamba watu wanasema huyo bwana anauza mbolea ya chama siku nyingi. Nikamuuliza ni nani aliyesema, hakuweza kumtaja. Nikaandika, "Nimesikia watu wakisema hivyo, siwezi kumtaja aliyesema," nikaliweka peke yake, mbali na alichokiona kwa macho.

Mchana ule ule nikanakili maelezo kwa mwandiko safi. Yalijaa kurasa mbili. Mama anajua kuandika jina lake, ila maandishi madogo hayaoni, na Kiswahili cha karatasini hakimkai vizuri kama Kinyakyusa. Kwa hiyo tulimwomba mwalimu mstaafu wa jirani, aliyemchagua mwenyewe na ambaye hakuhusika kwa lolote na chama, amsomee. Nilimwomba mwalimu asimame kila baada ya aya. Sikutaka amuulize "umeelewa?", maana kwetu mtu mzima akiulizwa hivyo mbele ya watu wa ofisi atasema ndiyo kwa adabu tu. Badala yake mwalimu alikuwa anamwambia, "Hebu nieleze hapa tumeandika nini," naye anaeleza kwa Kinyakyusa.

Ndipo walipofika kwenye idadi. Karatasi ilisema mifuko minne. Mama akainua mkono. "Weka minne au mitano. Ule wa mwisho nguzo ya umeme ilinikinga, sikuuona sawasawa."

Nilipiga mstari mmoja juu ya neno "minne", mstari mwembamba ili neno la chini liendelee kusomeka, nikaandika juu yake "minne au mitano". Pembeni mama akaweka herufi za mwanzo za jina lake, mimi zangu, mwalimu zake. Hatukutumia wino mweupe wala hatukuandika ukurasa upya. Halafu mama akaandika jina lake chini ya kila ukurasa, si wa mwisho peke yake. Nafasi tupu iliyobaki chini ya ukurasa wa pili nikaikata kwa mstari wa mshazari ili pasiweze kuongezwa kitu. Mwalimu akaandika kwa mkono wake kwamba amemsomea shahidi maelezo yote kwa Kiswahili na kumfafanulia kwa Kinyakyusa, akasaini na kuweka tarehe na saa. Mama akabaki na nakala yake.

Kisha tukagundua kwamba Jumatano ile mtunza stoo hakuwepo kabisa. Alikuwa na ruhusa ya maandishi, amempeleka mtoto hospitali Mbeya mjini.

Ruhusa hiyo niliiweka kwenye faili na sikumwambia shahidi. Ingekuwa rahisi sana kupita kwake na kumuuliza, "Mama, una hakika haikuwa siku nyingine?" Swali la namna hiyo lina jibu ndani yake. Niliamua kwamba kama maelezo yake yanaanguka, basi yaanguke.

Ijumaa mama akaja ofisini mwenyewe, mwavuli mkononi na binti yake nyuma. Alisema anataka kurekebisha siku. Ilikuwa Alhamisi.

Hapo ndipo meneja alipotoa lile wazo lake la kuchana. Nilimweleza kwamba marekebisho kabla ya kusaini na marekebisho baada ya kusaini ni mambo mawili tofauti. Kabla ya sahihi, karatasi bado inatafuta maneno ya shahidi, na kosa linakatwa pale pale na kuwekewa herufi za majina. Baada ya sahihi, karatasi ile ni kumbukumbu ya alichosema siku ile, hata kama baadaye kimeonekana si sahihi. Haifutiki. Kinachofuata ni maelezo ya nyongeza, kwenye karatasi nyingine, yenye tarehe yake, yanayotaja ya kwanza waziwazi. Tena nikamwambia kwamba mama ana nakala nyumbani. Tukichana ya kwetu, itakayobaki ni ya kwake, na sisi tutakuwa watu walioharibu ushahidi.

Nilimwomba binti akae chumba kingine na mwenzangu, nikamkaribisha mama. Swali langu la kwanza lilikuwa, "Mama, karibu. Niambie kilichokuleta."

Akasema kwamba jana yake, akirudi kutoka gulioni, alipita mbele ya stoo na kapu kichwani, na mwili ukamkumbusha. Siku ile pia alikuwa na kapu. Alilitua chini ili apumzike, na ndipo alipoona pikipiki. Alipofika nyumbani akamwambia binti yake, binti akamjibu, "Ndiyo mama, siku ile ulirudi na dagaa na sabuni, ilikuwa siku ya gulio." Na gulio la pale ni Alhamisi.

Niliandika yote, hasa sehemu ya binti. Kuna wanaodhani kutaja kwamba shahidi amekumbushwa na mtu kunamdhoofisha. Mimi naona kinachomdhoofisha ni kuficha, kisha ikajulikana. Nikamuuliza kama kuna mtu yeyote wa ofisi, au wa upande wa mtunza stoo, aliyezungumza naye tangu Jumatatu. Hakuna. Kama amesikia mtunza stoo alikuwa wapi Jumatano ile. Hakujua. Maswali hayo na majibu yake yaliingia kwenye karatasi kama yalivyo. Ya kwanza yalisema "nadhani ni Jumatano", nyongeza ilisema, "Katika maelezo yangu ya Jumatatu nilisema nadhani ni Jumatano. Sasa nakumbuka ilikuwa Alhamisi, kwa sababu nilikuwa natoka gulioni." Mwalimu akaitwa tena, yakasomwa, yakasainiwa kwa utaratibu ule ule.

Wakati huo huo binti alikuwa ametoa maelezo yake kwa mwenzangu, kabla hajaonana tena na mama. Kapu, dagaa na sabuni vilikuwemo. Pikipiki hakuziona, na hakuongeza kitu.

Mtunza stoo alipopewa barua ya kuitwa kwenye kikao, alipewa na nakala zote, ya kwanza na ya nyongeza, na muda wa kujiandaa uliozidi yale masaa 48 ambayo kanuni zinataka kwa uchache. Alikuja na mfanyakazi mwenzake wa kumsaidia, kijana makini sana. Swali lake la kwanza kwa mama lilikuwa lile lile nililolitarajia.

"Mama, shikamoo. Ofisi ndiyo iliyokwambia ubadilishe siku baada ya kuona Jumatano hayupo?"

"Marahaba. Hapana, mwanangu. Ni kapu, na binti yangu. Nimeshayasema, yako hapo."

Kijana akaomba kuona daftari la mahojiano lenyewe. Mwenyekiti akampa. Akafungua ukurasa wa Jumatatu, akakuta neno "nadhani" kwa mwandiko wangu, akalilinganisha na maelezo yaliyosainiwa, kisha akarudisha daftari na kuacha habari za siku. Maswali yake yaliyobaki yalikuwa juu ya giza na umbali wa barabara, na alikuwa na haki ya kuyauliza. Mama alimjibu kwamba taa ya mlangoni pa stoo ilikuwa inawaka, na kwamba mtunza stoo alikuwa akiongea kwa sauti anayoijua miaka mingi.

Hati ya kutolea mbolea ya Alhamisi ile haikuwepo. Kikao kilimkuta na kosa la kutoa mifuko minne bila hati. Hawakuandika mitano, kwa sababu ya ile nguzo ya umeme, na hawakuandika tisa, ingawa nje watu walikuwa wanasubiri kusikia tisa. Aliambiwa kwamba akitaka kulipeleka shauri la kuachishwa kwake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ana siku 30.

Mifuko mitano iliyobaki ilirudishwa kwa mkaguzi wa leja. Mwezi uliofuata alikuta mitatu kati yake ilitolewa kihalali kwa kituo kingine cha kukusanyia majani, hati yake ikachelewa kuingizwa kitabuni.